Pande Tatu na Mto: Jinsi ya Kupata Uzio wa Bei Ndogo Kabisa

Hekta mbili ni mita za mraba 20,000, yaani ekari tano kasoro kidogo. Tuseme unazo kando ya mto, ardhi ni tambarare na mto unapita karibu moja kwa moja. Ng'ombe na mbuzi wanaokula mazao wanatoka upande wa nchi kavu, na maji yenyewe yanazuia upande wa pili. Kwa hiyo unahitaji uzio wa pande tatu tu: mbavu mbili zinazotoka mtoni kwenda bara, na mgongo mmoja unaokwenda sambamba na mto. Ukubwa wa shamba umeshaamuliwa, na kilichobaki ni umbo. Shamba hilohilo la hekta mbili linaweza kuwa jembamba na kulala kando ya mto, au likawa fupi mtoni na kuingia ndani sana kuelekea bara. Ni umbo gani litakalokula uzio mchache zaidi?

Ukiwauliza watu kumi, wengi watakujibu mraba. Jibu hilo lina msingi, kwa sababu uzio ukizunguka pande zote nne, mraba ndio unaobana uzio kuliko mstatili mwingine wowote. Lakini hapa upande mmoja ni wa bure, na hilo linabadilisha hesabu. Mraba wa hekta mbili una upande wa mita 141.4, hivyo pande tatu zake zinahitaji mita 424 za uzio. Lipo umbo lingine, lenye eneo lilelile, linalohitaji mita 400 kamili.

Tulitafute kwa kujaribu kwanza. Urefu wa ubavu, yaani umbali kutoka mtoni hadi mgongoni, tuuite x. Urefu wa mgongo tuuite y. Eneo ni x mara y, na lazima liwe 20,000. Uzio wote ni mbavu mbili na mgongo mmoja, yaani 2x + y. Ubavu ukiwa mita 50, mgongo lazima uwe mita 400, na uzio wote ni mita 500. Ubavu ukiwa 80, mgongo ni 250 na jumla inashuka hadi 410. Ubavu wa 100 unatoa mgongo wa 200 na jumla ya 400. Ukiendelea hadi 125, mgongo ni 160 na jumla inarudi 410. Ukifika 200, mgongo umebaki mita 100 tu, lakini jumla imepanda tena hadi 500. Gharama inashuka, inafika chini kabisa, kisha inapanda.

Kujaribu kunatuonyesha chini pako wapi, ila hakutuelezi kwa nini. Sababu yenyewe inaonekana ukisimama kwenye mgongo wa shamba na kufikiria kuusogeza mita moja tu kuelekea bara. Kwa kuusogeza, unaongeza mita moja kwenye kila ubavu, hivyo umenunua mita 2 za uzio. Lakini pia umepata kipande kipya cha ardhi, kamba nyembamba yenye upana wa mita moja na urefu wa mgongo mzima, y. Kipande hicho hukihitaji, kwa sababu hekta mbili ulikuwa nazo tayari. Basi unakirudisha kwa kukata kipande kingine chenye eneo sawa kwenye mwisho wa shamba, kando ya ubavu mmoja. Kipande unachokata kina urefu wa x, kwa hiyo upana wake ni y gawanya kwa x. Huo upana ndio mita ulizopunguza kwenye mgongo.

Kwa maneno mengine, mita moja ya kuingia ndani inakugharimu mita 2 za mbavu na kukuokolea takriban mita y/x za mgongo. Shamba likiwa la 50 kwa 400, y/x ni 8: unatoa mita 2 na kuokoa karibu mita 8, kwa hiyo sogeza bila kusita. Likiwa 80 kwa 250, unaokoa kama mita 3 kwa kutoa 2, na bado inalipa. Likifika 100 kwa 200, y/x ni 2 kamili. Unatoa 2, unapata 2, na hakuna faida tena. Likiwa 125 kwa 160, unatoa 2 na kupata mita moja na robo hivi, kwa hiyo umeshapitiliza. Kila unapoingia ndani zaidi, x inakua na y inapungua, hivyo akiba inazidi kushuka na haiwezi kupanda tena. Ndiyo maana sehemu ya chini ni moja tu, na ukishaipata huna haja ya kuhofia kwamba ipo nyingine iliyojificha mahali.

Hicho ndicho wanafunzi wa Kidato cha Nne nchini Kenya, na wa Kidato cha Tano na Sita Tanzania, wanachokifanya wanapofundishwa kalkulasi. Wao wanaandika jumla ya uzio kwa herufi moja tu, kwa kuweka 20000/x mahali pa y:

```
L = 2x + 20000/x
dL/dx = 2 - 20000/x²
```

Mstari wa pili unasema maneno yaleyale tuliyoyasema mgongoni mwa shamba. Ile 2 ni mita za mbavu unazoongeza, na 20000/x² ni y/x, mita za mgongo unazookoa. Ukiufanya mstari huo uwe sawa na sifuri unapata x² = 10000, na x ni 100. Wazo la kutafuta kilele au bonde kwa kuangalia mahali ambapo hatua ndogo haibadilishi kitu lilitumiwa na Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, katika miaka ya 1630. Mfano wake wa kwanza unakaribiana sana na wetu: aligawa mstari vipande viwili ili mstatili unaotokana na vipande hivyo uwe na eneo kubwa kabisa.

Ipo pia njia ya kulithibitisha jibu bila kalkulasi yoyote, na binafsi ndiyo ninayoipenda zaidi. Fikiria mto ni kioo, na ng'ambo ya pili lipo shamba pacha, sura yake sawasawa na lako. Mashamba hayo mawili yakiunganishwa yanakuwa mstatili mmoja wa mita za mraba 40,000, uliozungushiwa uzio pande zote nne. Tunajua kwamba kwa pande nne mraba ndio bora, na mraba wa eneo hilo una upande wa mita 200. Ukiukata katikati, kwenye mstari wa mto, nusu yako ni mita 200 kando ya mto na mita 100 kwenda bara. Nusu ya mraba ndilo shamba la mtoni lenye uzio mfupi kuliko yote.

Sasa tuingie kwenye fedha, kwa sababu fundi wa uzio hatakutoza kwa umbo. Atakuuliza, "Mzee, mita ngapi, na unataka uzio wa aina gani?" Aina ya uzio mara nyingi haiwi moja kwa pande zote. Mgongo unaopakana na njia ya mifugo unahitaji nguvu kuliko mbavu zinazopakana na mashamba ya majirani. Bei zifuatazo ni za mfano wetu tu, na msomaji aweke za sokoni kwake. Mbavuni tunaweka nguzo kila baada ya mita mbili na nusu. Nguzo moja ikiwa shilingi 10,000, hiyo ni 4,000 kwa mita. Nyuzi tano za seng'enge, kwa shilingi 500 kila mita ya waya, ni 2,500. Misumari ya U, kuchimba mashimo na kuvuta waya tuhesabu 1,500. Jumla ni shilingi 8,000 kwa mita moja ya ubavu. Mgongoni nguzo zinakaa kila mita mbili, ambayo ni 5,000 kwa mita. Nyuzi ni nane, yaani 4,000. Kazi na misumari ni 1,500 ileile, na saruji ya kushikilia nguzo ni 2,000. Jumla ni shilingi 12,500 kwa mita.

Rudia kusogeza mgongo kwa mita moja, safari hii ukihesabu shilingi. Mbavu mbili zinaongezeka mita moja moja, hivyo unatoa shilingi 16,000. Mgongo unapungua kwa mita y/x, na kila mita yake ni 12,500. Unasimama pale ambapo 16,000 ni sawa na 12,500 mara y/x. Ukizidisha pande zote kwa x unapata usawa huu:

```
16000x = 12500y
```

Upande wa kushoto ni fedha zote za mbavu mbili, na upande wa kulia ni fedha zote za mgongo. Kwa hiyo, bei ziwe zozote, shamba la gharama ndogo kabisa ni lile ambalo nusu ya fedha za uzio inaingia mbavuni na nusu nyingine inaingia mgongoni. Ukiangalia tena shamba letu la kwanza la bei moja utaliona jambo hilohilo: mita 200 za mbavu, mita 200 za mgongo.

Kwa bei zetu mbili, jibu linatoka x = 125 na y = 160. Mbavu zinakula shilingi 2,000,000, mgongo unakula shilingi 2,000,000, na jumla ni milioni nne. Aliyekariri kwamba shamba la mtoni lazima liwe na mgongo mara mbili ya ubavu angejenga 100 kwa 200, na angelipa 1,600,000 mbavuni na 2,500,000 mgongoni, yaani laki moja zaidi. Aliyejenga kamba nyembamba ya 50 kwa 400, kwa kupenda kuwa na maji karibu na kila tuta, angelipa milioni tano na laki nane.

Kanuni ya nusu kwa nusu inafaa pia kukagua makadirio ya fundi kabla hujatoa malipo ya awali. Mwambie atenganishe fedha za mbavu na za mgongo kwenye karatasi yake. Mbavu zikiwa zimekula kidogo kuliko mgongo, shamba ni jembamba mno na linafaa kuingia ndani. Zikiwa zimekula zaidi, limeingia ndani kupita kiasi. Huhitaji kufanya hesabu nyingine kujua uelekee upande gani.

Katika kugawa huko, yapo malipo yanayopaswa kuwekwa kando. Geti, nauli ya lori, na nguzo nne nene za mwisho na za kona zenye mihimili ya kuzuia zisilale waya unapokazwa, vyote vinagharimu kiasi kilekile shamba likiwa refu au fupi. Tuseme ni shilingi 900,000. Zitapandisha jumla yako kutoka milioni nne hadi milioni nne na laki tisa, lakini hazibadilishi hata sentimita moja ya vipimo, kwa sababu kusogeza mgongo mita moja hakuongezi geti wala nauli. Ukizichanganya humo, ukaguzi wa nusu kwa nusu utakudanganya. Jambo jingine la kuangalia kwenye karatasi hiyo ni waya. Seng'enge huuzwa kwa roli, na mara nyingi muuzaji anataja kilo. Roli mbili zenye uzito mmoja zinaweza kuwa na urefu tofauti, kwa kuwa waya mnene una mita chache kwa kila kilo. Bei ya mita moja ya uzio haiwezi kuwa sahihi kama urefu wa roli haujulikani, hivyo uliza mita.

Je, ni lazima kufika kwenye vipimo hivyo kamili? Hapana, na hili linafaa kueleweka vizuri kwa sababu linampa mkulima uhuru mkubwa. Karibu na sehemu ya chini, mstari wa gharama ni kama bakuli pana. Katika shamba la bei moja, ubavu wa mita 90 badala ya 100 unatoa uzio wa mita 402 na kidogo. Ubavu wa 110 unatoa mita karibu 402 pia. Umekosea kwa asilimia kumi na umelipa zaidi kwa nusu ya asilimia. Katika mfano wa fedha, kuvuta ubavu kutoka mita 125 hadi 115 ili kuuokoa mti mkubwa wa kivuli kungegharimu shilingi elfu kumi na nne hivi katika milioni nne. Uache mti wako. Hasara kubwa inakuja pale tu umbo linapokwenda mbali mno, kama lile la ubavu wa mita 50, ambalo linaongeza robo nzima ya uzio.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tunang'ang'ania mstatili. Hadithi ya kale ya Dido, malkia anayesimuliwa kuwa ndiye aliyeanzisha mji wa Kartago katika Tunisia ya leo, inahusu swali hilihili: alipewa ardhi kiasi cha kuzungukwa na ngozi ya ng'ombe, naye akaikata ngozi kuwa kamba nyembamba ndefu. Wanahisabati wameliita tatizo hilo kwa jina lake, na jibu lake pale upande mmoja unapokuwa maji ni nusu duara. Kwa hekta zetu mbili, nusu duara ingehitaji mita 354 hivi za uzio, mita 46 pungufu ya mstatili bora. Lakini waya unaokazwa kwenye mzingo huivuta kila nguzo kuelekea ndani, kwa hiyo kila nguzo ingehitaji mhimili wake, na akiba yote ingeishia huko. Trekta nalo linalima mistari iliyonyooka. Mstatili unabaki.

Kosa linalowaponza wanafunzi wengi kwenye mtihani, na linaloweza kumponza mkulima pia, ni kusahau mipaka ya ardhi yenyewe. Tuseme hati yako inakupa mita 120 tu za kando ya mto, na baada ya hapo ni kwa jirani. Kalkulasi inakuambia mgongo uwe mita 200, jambo lisilowezekana. Hapo usawa wa sifuri hauna kazi. Unarudi kwenye swali la kusogeza mgongo: unatamani kuurudisha karibu na mto na kuurefusha, kwa sababu bado inalipa, na unaendelea hivyo mpaka unapogota kwa jirani. Mahali ulipogota ndipo jibu lilipo. Mgongo ni mita 120, ubavu ni mita 167 hivi, na uzio ni mita 453. Ni mita 53 zaidi ya jibu la kitabuni, lakini kwenye kiwanja hicho hakuna umbo lililo bora kuliko hilo.

Limebaki dai moja ambalo tumelipokea tangu mwanzo bila kulihoji, nalo ni kwamba mto ni uzio. Kwa maoni yangu hapa ndipo fedha nyingi hupotea, zaidi ya kwenye kukosea x.

Kwanza ni sheria. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kenya, kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinataja ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, ukipimwa kutoka usawa wa juu kabisa wa mafuriko uliowahi kurekodiwa. Shamba letu la kitabuni, ambalo mbavu zake zinagusa maji, haliruhusiwi Tanzania. Kuna kishawishi cha kuanza shamba mita 60 kutoka mtoni lakini kuzirefusha mbavu mpaka majini ili mto uendelee kuwa upande wa nne. Kihesabu inapendeza: mita 120 zinazoongezeka ni gharama isiyobadilika kama lile geti, vipimo bora vinabaki 100 kwa 200, na jumla ya mita 520 bado ni ndogo kuliko uzio wa pande nne. Lakini uzio huo unapita katikati ya ukanda uliolindwa na kufunga njia ya watu na mifugo kwenda kunywa maji. Kabla ya kuchimba shimo hata moja, nenda ofisi ya Bodi ya Maji ya bonde lako ukaulize mpaka uko wapi.

Pili ni mto wenyewe. Ruaha Mkuu, mto mkubwa wenye jina, umekuwa ukikauka kiangazi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mto ukikauka, ng'ombe wanavuka kwa miguu, na upande ule wa bure unageuka kuwa mlango. Na kwenye mito isiyokauka yenye viboko, mnyama wa kumwogopa anatoka majini usiku kwenda kulisha. Kwa mkulima wa namna hiyo, upande wa mto ndio wa kwanza kuhitaji uzio.

Upande wa nne ukihitajika, mraba unarudi: mita 141 na nusu hivi kila upande, jumla mita 566. Lakini vipi kama hujui? Labda mto huu unashikilia maji kwa sasa, lakini wazee wa kijiji wanakumbuka mwaka ulipokauka. Au labda unajenga kando ya uzio wa jirani, ambao leo unakufaa kama mto ulivyokuwa ukutumikie, na kesho jirani anaweza kuung'oa. Ukijenga 100 kwa 200 leo na baadaye ukalazimika kuufunga upande wa nne, utakuwa na mita 600, yaani mita 34 zaidi ya mraba. Ukijenga mraba leo na upande wa nne usihitajike kamwe, umetumia mita 24 bure.

Hapa ule upana wa bakuli unatusaidia. Chagua umbo lililo katikati, ubavu mita 120 na mgongo mita 167. Eneo ni mita za mraba 20,040. Kwa pande tatu linahitaji mita 407, mita 7 tu zaidi ya bora kabisa. Kwa pande nne linahitaji mita 574, mita 8 tu zaidi ya mraba. Popote mto utakapoelekea, hujapoteza zaidi ya mita nane. Kama ningekuwa nashauri mtu asiye na uhakika na upande wake wa nne, ningemwambia ajenge hili.

Kupima shambani kuna mtego wake. Mto hauko sawa na rula, kwa hiyo usipime kwa kufuata ukingo. Chomeka vigingi viwili kwenye mstari ulionyooka, mita 167 kati yao, nje ya ukanda uliokatazwa, na mstari huo ndio uwe msingi wa shamba. Kwenye kila kigingi tengeneza kona ya mraba kwa futi ya kamba (tepu) yenye mita 30 kwenye msingi, 40 kwenye ubavu na 50 kuzikutanisha. Kamba ya kawaida ya nailoni inavutika, kwa hiyo tumia tepu ya kupimia. Kisha nyoosha mbavu hadi mita 120, chomeka vigingi vya mgongoni, na upime mishazari yote miwili kutoka kona hadi kona. Kila mmoja unapaswa kuwa mita 205 na sentimita 64.

Mshazari mmoja ukizidi mwingine, shamba limelala. Pande zake zina urefu uleule na utanunua uzio uleule, lakini ardhi iliyomo ndani imepungua. Kona ikilala kwa digrii 10 tu, karibu mita za mraba 300 zinatoka nje ya uzio, na hakuna anayeona kwa macho. Sogeza vigingi viwili vya mgongoni kwa pamoja kuelekea upande wa mshazari mfupi, kidogo kidogo, mpaka vipimo viwili vilingane, ndipo mwite fundi aanze kuchimba mashimo ya nguzo za kona.